Ng'ombe Habani Maziwa

Kwetu ni Malindi. Naomba nieleweke mapema: si Malindi ya bahari na watalii kule Kenya, ni Malindi ya Lushoto, ukishapita Magamba kwenye barabara inayoelekea Mtae, kwenye kabichi na karoti na ukungu wa Juni unaokufanya uvae sweta mbili. Huku ng'ombe hachungwi. Milima haina nafasi hiyo. Anakaa bandani, analetewa matete na guatemala begani, na nyumba nyingi zina mmoja au wawili tu. Kwa hiyo ng'ombe wa nyumbani mnamjua kwa jina na tabia kama mnavyomjua mtoto wa jirani. Wetu anaitwa Zawadi, chotara wa Friziani na zebu, mzao wa nne, na ndiye aliyelipa sehemu ya ada yangu ambayo bumu halifiki.

Likizo ya mwaka huu nilimkuta yuko hatarini kuuzwa. Mchinjaji alishakuja mara moja, akamzunguka, akagusa mgongo, akataja bei. Sababu iliyotolewa ilikuwa moja: "Ana roho mbaya huyu, anabana maziwa."

Neno hilo "kubana" ndilo nataka tulijadili, maana nimelisikia tangu utotoni na naamini wengi wenu mliotoka kwenye mifugo mmelisikia. Linamchora ng'ombe kama mwenye duka aliyefunga mlango akakaa ndani. Nasoma ualimu wa sayansi, baiolojia na kemia, wala si mtu wa mifugo, lakini hosteli nalala na jamaa wa sayansi ya wanyama na tulishabishana sana juu ya jambo hili. Ukweli ni kwamba ng'ombe hana koki ya kufunga. Maziwa yasiposhuka, tatizo ni kwamba kuna kitu hakijafunguliwa.

Kiwele kwa ndani kipo hivi. Maziwa hutengenezwa kwenye vifuko vidogo mno, mamilioni kwa mamilioni, na kila kifuko kimezungushiwa nyuzi ndogo za misuli kama kikapu. Kutoka kwenye vifuko kuna mifereji myembamba inayoshuka hadi kwenye tangi lililo juu ya chuchu. Kwa ng'ombe wa maziwa, katikati ya mkamuo na mkamuo, takriban sehemu moja tu kati ya tano ya maziwa ndiyo inayokuwa imeshateremka kwenye tangi. Nne zilizobaki ziko juu kwenye vifuko, na hazishuki kwa uzito wake wala kwa kuvutwa. Unaweza kuvuta chuchu mpaka vidole vife ganzi. Kitakachozileta chini ni vile vikapu vya misuli kujikaza vyote kwa pamoja, na havijikazi mpaka viambiwe.

Anayeviambia ni homoni, oksitosini. Chuchu ikiguswa, ikisuguliwa au ikinyonywa, mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye ubongo, tezi iliyo chini ya ubongo huachia oksitosini kwenye damu, na damu huifikisha kwenye kiwele. Safari hiyo huchukua kama dakika moja, pengine moja na nusu. Kisha maziwa hushuka kwa kishindo, chuchu zinajaa na kukakamaa, wakati mwingine zinadondosha zenyewe. Lakini homoni hiyo haidumu kwenye damu. Baada ya dakika chache imekwisha, na mlango unajifunga tena. Ndiyo maana mkamuaji mzuri hakai chini ya ng'ombe robo saa. Anamaliza ndani ya dakika sita au saba, mkono haupumziki.

Sasa turudi kwa Zawadi. Mama yangu amemkamua tangu mzao wa kwanza, na utaratibu wake haubadiliki hata ije mvua ya mawe. Saa kumi na moja alfajiri na saa kumi jioni. Anaingia na ndoo ya pumba kwanza, anaimimina kwenye kihori, ile sauti ya ndoo inagonga ubao. Anafungulia ndama, ndama ananyonya kidogo, kama nusu dakika, anapita chuchu zote nne. Halafu ndama anafungwa karibu na kichwa cha mama yake, ambaye anamlamba. Mama anaosha kiwele kwa maji ya vuguvugu, anafuta kwa kitambaa, anapaka mafuta kidogo, anakamua. Wakati wote anaongea, Kisambaa cha chini chini, habari za majirani nadhani. Mwisho anamwachia ndama amalizie. Hivyo hivyo, kila siku, lita sita asubuhi na tatu jioni.

Mwezi wa sita mama aliteleza kwenye njia ya kisimani akavunjika mkono. Ukamuaji ukaangukia kwa baba mdogo. Baba mdogo ni mtu wa kazi, sina la kumlaumu, ana shamba la viazi na familia yake, na alikuwa anatusaidia. Lakini alikuja na mabadiliko matatu kwa wakati mmoja. Kwanza saa: alikamua alipopata nafasi, leo saa kumi na mbili, kesho saa tatu. Pili, ndama. Kuna mtu alimshauri kwamba ndama anaiba maziwa, basi akahamishiwa chumba cha nyuma ya nyumba akawa ananyweshwa lita mbili kwa ndoo. Tatu, Zawadi alipoanza kuchezacheza, alifungwa kamba miguu ya nyuma na kukaripiwa, na fimbo ikaegeshwa pale ukutani ikawa sehemu ya vifaa.

Wiki mbili baadaye walikuwa wanapata lita tano kwa siku. Ukitoa mbili za ndama, zinabaki tatu za kuuza. Na mkusanyaji wa maziwa akaanza maneno: maziwa mepesi haya, mnaongeza maji?

Maneno ya mkusanyaji ndiyo yaliyonifungua macho. Alitumbukiza laktomita mbele yangu, ikasoma 32. Maji yangeishusha kipimo hicho, si kuipandisha. Maziwa ya kawaida huelea kati ya 28 na 32 hivi, na mafuta ndiyo mepesi, kwa hiyo maziwa yaliyopungukiwa mafuta hupandisha kipimo. Na mafuta huja mwishoni. Maziwa ya kwanza kutoka kwenye tangi ni mepesi, yale ya mwisho mwisho, yanayotoka juu kwenye vifuko, ndiyo mazito yenye utandu mnene ukiyachemsha. Maana yake, mkusanyaji alikuwa sahihi kwamba kuna kitu kimepungua, ila hakuna aliyeongeza maji. Tulikuwa tunauza sehemu ya kwanza ya mkamuo, sehemu ya pili ikiwa bado ndani ya ng'ombe.

Bila shaka kuna sababu nyingine za maziwa kupungua, na ni ujinga kurukia moja. Chakula kilikuwa kile kile. Nilipima mizigo ya majani na pumba, hakuna kilichopungua. Ugonjwa wa kiwele niliuangalia kwa njia ya mama: matone ya kwanza ya kila chuchu unakamulia juu ya kitambaa cheusi. Ukiona madonge, nyuzi, au majimaji ya njano, hapo una ugonjwa. Hakuna. Unashika kila robo ya kiwele kwa kiganja kama kuna iliyo na joto au inayomuuma. Hakuna. Kilichokuwepo ni kwamba baada ya kukamuliwa kiwele hakikulegea. Kiwele kilichoisha maziwa huwa kama mfuko mtupu, ngozi inakunjika nyuma. Cha Zawadi kilibaki kimejaa, kigumu kwa juu.

Jioni hiyo tulifanya jaribio, na nalipendekeza kwa yeyote mwenye mashaka ya namna hii, maana halina gharama. Baba mdogo alikamua kama kawaida yake. Ikatoka karibu lita moja kwa haraka, halafu ikakatika, akavutavuta akapata robo nyingine. Wakati anaingia tu bandani Zawadi alikuwa ameacha kucheua, akanya, akahamisha miguu. Hizo nazo ni dalili. Ng'ombe aliyetulia hucheua huku akikamuliwa. Baba mdogo aliposema basi, imeisha, tulimwomba atoke, tukaleta ndama. Binti yule alikurupuka, akapiga kiwele kwa pua mara mbili tatu kama wafanyavyo, na ndani ya dakika moja hivi mdomo ulijaa povu jeupe. Hilo povu ndilo ushahidi. Tukamwacha dakika mbili, tukamfunga kichwani kwa mama yake, nikakamua. Ilitoka lita moja na nusu zaidi, na ndama alikuwa ameshakunywa zake. Kiwele kikalegea.

Yaani maziwa yalikuwepo muda wote. Ng'ombe mwenye njaa au mgonjwa hawezi kukupa hivyo baada ya kusema "imeisha".

Kwa nini aliyafungia baba mdogo akayafungulia ndama? Hapa kuna kisa cha zamani cha kisayansi ninachokipenda. Mwaka 1941 watafiti wawili Wamarekani, Ely na Petersen, walichapisha majaribio yao juu ya kushuka kwa maziwa. Walimtisha ng'ombe kwa namna ambayo leo kamati ya maadili ingeikataa, au ingecheka kwanza: walimweka paka mgongoni na kupasua mifuko ya karatasi. Maziwa yakagoma kushuka. Wakaonyesha pia kwamba sindano ya adrenalini inaleta matokeo yale yale. Adrenalini, homoni ya hofu, hubana mishipa ya damu, kwa hiyo hata oksitosini iliyopo haifiki vizuri kwenye kiwele, na hata ikifika, misuli ile haiitikii ipasavyo. Tafiti za baadaye ziliongeza jambo muhimu zaidi: ng'ombe akiwa mahali pageni, au amenyang'anywa ndama wake, au anakamuliwa na mtu asiyemzoea, mara nyingi ubongo wenyewe hauachii oksitosini. Kiwele hakipati ujumbe kabisa. Hivyo kumpiga ng'ombe anayebana ni kumwongezea kile kile kinachomfunga, na kila mkamuo unamfundisha kwamba saa ya ndoo ni saa ya fimbo.

Utaratibu una kazi yake hapo. Ubongo wa ng'ombe hujifunza. Sauti ya ndoo, harufu ya pumba, maji ya vuguvugu, sauti ya mama ikisimulia habari za majirani, vyote hivyo kwa miaka minne vimekuwa vinatangulia maziwa, kwa hiyo vyenyewe vinasaidia kuamsha homoni. Kula wakati wa kukamuliwa pia huiongeza, si hongo tu ya kumtuliza. Ukiondoa vyote kwa siku moja, umemwondolea ng'ombe lugha yote aliyoizoea.

Na ndama ndiye neno lenye nguvu kuliko yote katika lugha hiyo, hasa kwa ng'ombe wetu. Friziani halisi wa mashamba makubwa wamechaguliwa kwa vizazi vingi kukamuliwa bila ndama, wanashusha kwa mkono au mashine tu. Zebu hajachaguliwa hivyo. Wengi wao bila ndama hawashushi, na ndama akifa maziwa hukauka upesi. Chotara yuko katikati, na ukitaka kujua ameegemea wapi utajua siku utakapomtoa ndama. Wafugaji wa zamani walilijua hili bila kusikia neno homoni. Evans-Pritchard, aliyeandika juu ya Wanuer wa Sudan mwaka 1940, anaeleza walivyojaza majani kwenye ngozi ya ndama aliyekufa, wakaipaka mkojo wa mama yake, wakamsogezea ili ashushe maziwa. Na kama hilo halikutosha, walimpuliza ng'ombe kwenye uke. Msicheke. Njia ya uzazi nayo ina mishipa inayoamsha oksitosini ile ile. Siishauri, kwa sababu za usafi ambazo sihitaji kuzieleza, ila siwezi kusema walikuwa wanabahatisha. Hata kituo cha utafiti wa mifugo cha Tanga, siku hizi kiko chini ya TALIRI, kimewahi kufanya majaribio ya kunyonyesha ndama kwa kipimo kwa ng'ombe chotara kama wetu.

Baba mdogo hakuwa rahisi kukubali. Hoja yake ilikuwa hesabu: "Mwanangu, kila anachonyonya ndama ni shilingi elfu moja kwa lita imepotea." Tukakaa jikoni tukaipiga hesabu kwa mkaa ukutani, maana hoja ya mtu mzima hujibiwa kwa heshima na kwa namba. Ndama yule alikuwa na uzito wa kama kilo 45, na ndama hunywa takriban sehemu ya kumi ya uzito wake kwa siku, yaani lita nne na nusu hivi. Kwa ndoo alipewa mbili, na mbavu zilishaanza kuonekana. Zamani mama alipata lita tisa za kuuza na ndama akanyonya ya kwake juu ya hapo, tena sehemu kubwa ya alichonyonya yalikuwa maziwa ya mwisho, ambayo mkono huwa hauyamalizi hata ukijitahidi. Huibiwi kitu ambacho usingekipata. Sasa tunakamua tano, tunatoa mbili, tunauza tatu, ndama anakonda na ng'ombe anaitwa mwenye roho mbaya. Baba mdogo aliangalia ukuta muda mrefu. Akasema, "Haya, mrudisheni huyo mtoto kwa mama yake."

Kuna jirani aliyeshauri sindano ya oksitosini kutoka duka la dawa za mifugo, na ni kweli inafanya kazi, maziwa hushuka ndani ya dakika hata ng'ombe akiwa na hofu. Daktari wa mifugo anaweza kuitumia kwa sababu maalumu. Lakini ukimchoma kila siku, kiwele kinazoea kiwango kikubwa cha kutoka nje, na oksitosini yake mwenyewe inakuwa haimtoshi. Siku ukikosa sindano, hukamui. Mama alikataa kabla hata sijamaliza kueleza.

Tulirudia utaratibu wa zamani wote, kipengele kwa kipengele. Mama alikaa kwenye kigoda karibu na kichwa cha Zawadi, mkono ukiwa kwenye plasta, akiongea naye. Mimi nilikamua. Kamba ya miguu na fimbo vilitolewa bandani kabisa, visionekane. Siku ya kwanza na ya pili hakukuwa na muujiza: alinichunguza, akanipiga mkia usoni, ndama alipofungwa maziwa yakakatika katikati. Tulipoona yamekatika tulimrudisha ndama kwa nusu dakika, tukaendelea. Siku ya nne alicheua nikiwa chini yake. Nilisikia lile tonge linapanda shingoni, nikajua. Kufikia siku ya tisa tulikuwa lita saba na nusu, ndama akiwa amenyonya, na mkusanyaji hakusema kitu tena juu ya wepesi.

Tisa hazikurudi, na nadhani hazitarudi mzao huu. Maziwa yanayobaki kwenye kiwele siku hadi siku hukiambia kiwele kipunguze utengenezaji. Shinikizo linapanda, na ndani ya maziwa yenyewe kuna ishara inayozuia vifuko visizalishe zaidi. Ikiendelea siku moja mbili hujirudi kirahisi. Wiki mbili ni nyingi, na sehemu ya vifuko huwa imeshalala mpaka azae tena. Lita moja na nusu kwa siku, mpaka atakapokaushwa, ndiyo gharama ya zile wiki mbili, na ndama naye alichelewa kukua.

Mchinjaji alirudi kuuliza, mama akamkaribisha chai yenye maziwa.

Kilichobaki sasa ni kumwachisha ndama bila kurudi tulikotoka, maana hawezi kunyonya milele na mwezi wa kumi nitakuwa chuoni. Mpango aliouweka mama ni wa polepole. Kunyonya kwa kuanzia kunapunguzwa kutoka nusu dakika hadi sekunde chache, huku kuosha na kusugua kiwele kwa mkono kunaongezwa hadi dakika nzima, na pumba inaanza kumiminwa wakati huo huo, si kabla. Baadaye ndama atafungwa tu pale kichwani anuswe na alambwe, asinyonye kwanza. Kisha jioni moja hatakuwepo, asubuhi atakuwepo, na kiwele kikilegea vizuri baada ya mkamuo huo wa jioni, hatua inayofuata inaruhusiwa. Kisipolegea, tunarudi hatua moja nyuma na kusubiri wiki. Baba mdogo amepewa zamu ya asubuhi. Mama anasema anaingia bandani siku hizi akipiga mluzi, na Zawadi ameanza kugeuza masikio akiusikia.